Barua ya kusimamisha ufadhili ikifika: hesabu za kwanza, kazi ya kuokoa na namna ya kuwaambia watu ukweli

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kuanzia tarehe 24 barua za kusimamisha kazi zikaanza kutoka. Kwetu barua ilifika Jumatatu tarehe 27. Haikutoka Marekani moja kwa moja. Ilitoka kwa shirika kubwa lililokuwa likitupitishia ruzuku, na ilikuwa na aya nne tu. Nilikuwa naongoza asasi ndogo ya huduma za majumbani kwa watu wanaoishi na VVU, huku Tanzania Bara: wafanyakazi 14, watu wa kujitolea 62, wateja 412 waliokuwa wakitembelewa. Ruzuku ile ilibeba zaidi ya nusu ya kazi yetu.

Mwongozo huu nimeuandikia kiongozi anayeshika barua ya namna hiyo mkononi sasa hivi. Nimetumia hesabu zetu, na nimeeleza pia pale nilipokosea, kwa sababu kosa langu kubwa halikuwa la fedha.

Kwanza: isome barua mara tatu, kisha simamisha matumizi

Barua hizi hufanana, lakini uzito wake hutofautiana. Ipo ya kusimamisha kwa muda, ambapo mkataba bado uko hai ila huruhusiwi kutumia. Ipo ya kuvunja mkataba kabisa. Ipo pia ya kuchelewesha awamu ijayo tu. Tafuta mambo matatu: neno lililotumika, tarehe ya kuanza kutekelezwa, na maelezo kuhusu gharama zilizokwisha ingiwa. Tarehe ndiyo mpaka wako. Kazi iliyofanyika kabla yake kwa kawaida ni deni halali la mradi, na iliyofanyika baada yake huenda ikawa deni lako mwenyewe.

Siku hiyohiyo mwambie mhasibu asitoe hundi wala kuagiza kitu chochote cha mradi huo. Warsha iliyopangwa wiki ijayo ifutwe leo, kwa sababu hoteli nyingi hurudisha malipo ya awali ukiwahi. Andikeni orodha ya kila deni mlilolibeba: mafuta, kodi ya pango, uchapishaji, posho. Mjulishe mwenyekiti wa bodi kwa simu usiku huohuo, si kwa barua pepe. Baadaye mwandikie mfadhili kwa maandishi na kuuliza ni gharama zipi za lazima atakazozikubali, na mpaka ajibu kwa maandishi usiihesabu hata shilingi moja ya ahadi hiyo.

Pili: tafuta fedha zilizo huru kweli

Hapa ndipo viongozi wengi hujidanganya. Benki tulikuwa na shilingi milioni 104 katika akaunti tatu, na kwa matumizi yetu ya kila mwezi ilionekana kama pumzi ya miezi kadhaa. Haikuwa hivyo.

Milioni 41 zilikuwa za mradi mwingine, wa kuwabakisha wasichana shuleni, zilizotolewa na mfadhili mwingine kwa kazi hiyo na si nyingine. Milioni 19 zilikuwa baki la mradi uliosimamishwa, na hatukuruhusiwa kuzigusa. Zilizobaki, milioni 44, zilikuwa zetu: michango ya wanachama na kodi ya ukumbi tuliojenga miaka ya nyuma. Ndani yake tulikuwa na milioni 5 za kodi ya mishahara, NSSF na madeni ya wauzaji. Fedha huru ni milioni 39.

Kuna kishawishi kitakujia mapema, na mara nyingi huletwa na mtu mwema: “Tukope kidogo kwenye fedha za wasichana, tutarudisha mambo yakitulia.” Kataa. Mambo yakikawia kutulia utakuwa umeua miradi miwili badala ya mmoja, na ukaguzi wa mwaka utaliona. Sisi tuliuweka uamuzi huo kwenye muhtasari wa kikao cha bodi cha dharura, ili hata mimi mwenyewe nisiweze kuubadilisha siku nikiishiwa nguvu.

Tatu: tenga haki za wafanyakazi kabla ya kupanga kitu kingine

Mpangilio huu ni wa makusudi. Asasi nyingi huendelea na kila kitu kwa matumaini mpaka akaunti inakauka, na siku ya kuwaaga wafanyakazi hakuna hata cha kuwalipa. Mtu aliyefanya kazi miaka sita anaondoka na barua ya shukrani tu, kisha anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai haki yake, na ana haki ya kwenda.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, malipo ya likizo ambayo hajaichukua, na kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Kenya, chini ya sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, ni siku 15 kwa kila mwaka. Angalia pia mikataba ya muda maalumu. Ukiivunja katikati unaweza kudaiwa mishahara ya miezi iliyobaki, kwa hiyo mwonyeshe wakili au afisa kazi mikataba hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote tarehe.

Kwetu wafanyakazi 9 kati ya 14 walibebwa na mradi uliosimama. Kwa wastani mshahara wa msingi ulikuwa 1,200,000 kwa mwezi, na utumishi miaka 4. Mshahara wa wiki ni kama 277,000 (mwezi ukigawanywa kwa 4.333), hivyo kiinua mgongo cha miaka 4 ni kama 1,108,000. Notisi ya wiki nne ni 1,108,000 nyingine. Likizo zilizolimbikizwa zilikuwa kama 450,000. Jumla ni takribani 2,666,000 kwa mtu, na kwa watu 9 ni milioni 24. Mchango wa mwajiri wa NSSF nimeuacha nje hapa ili hesabu isomeke, wewe usiuache.

Milioni 39 toa 24 zinabaki 15. Tukatoa tena posho ya Januari ya watu wa kujitolea, 60,000 mara 62, yaani 3,720,000. Walikuwa wameshaifanyia kazi, na hatukujua kama mfadhili angeikubali. Zikabaki milioni 11.28. Gharama za kuifanya ofisi iendelee kuwepo, yaani watu watatu wa msingi, pango, umeme na simu, zilikuwa milioni 5 kwa mwezi. Milioni 104 zilikuwa zimegeuka kuwa wiki tisa na siku chache.

Hesabu hiyohiyo ilitufundisha jambo jingine. Kila wiki ambayo watu 9 wangeendelea kusubiri bila uamuzi ingetugharimu kama milioni 2.5, sawa na nusu mwezi ya uhai wa ofisi nzima. Mishahara ya Januari ilikuwa imeshalipwa, hivyo tulikuwa na siku chache za kufanya majadiliano ya haki bila kula akiba. Kuchelewa kwa sababu ya huruma kungekula fedha za walewale tuliowahurumia.

Nne: chagua kazi ya kuokoa kwa swali moja

Usianze na swali la kazi gani ni muhimu, maana kila mkuu wa kitengo atasema yake. Uliza hivi: tukiiacha kazi hii leo, nani ataumia ndani ya siku 30, na ataumiaje? Ipitishe kila shughuli kwenye swali hilo, mbele ya watu wote wanaoifanya.

Mafunzo ya vikundi vya kuweka akiba yalikuwa mazuri sana, ila hakuna ambaye angeumia ndani ya mwezi mmoja. Vivyo hivyo maadhimisho, machapisho na vikao vya robo mwaka. Tulibaki na jambo moja: watu waliokuwa wakitegemea mhudumu awakumbushe au awachukulie dawa za kufubaza virusi. Mtu akikatiza dawa, virusi huongezeka tena mwilini ndani ya wiki chache, na akikatiza mara kwa mara dawa inaweza kupoteza nguvu kwake. Mama mjamzito au anayenyonyesha huweka na mtoto hatarini.

Lakini hata hapo hatukuwa na uwezo wa kuwatembelea wote 412. Tukaketi na madaftari siku mbili na kuwagawa. Wengi walikuwa wamezoea dawa, wanakwenda kliniki wenyewe, wana dawa za miezi kadhaa nyumbani. Hao walihitaji kuambiwa tu kwamba hatutafika tena na kliniki iko wazi. Wachache zaidi walikuwa na tarehe ya kuchukua dawa ndani ya siku 30 na historia ya kupitiliza. Kisha wakaja wajawazito, watoto, na wagonjwa wasioweza kutembea. Makundi haya mawili ya mwisho yalikuwa watu 71. Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu kwa mwezi mzima: kila mmoja wa hao 71 akabidhiwe kwa mtu anayejulikana kwa jina.

Kukabidhi si kutuma orodha. Muuguzi wa kituo cha tiba na matunzo alitakiwa kuwa na jina, tarehe ya dawa na njia ya kumpata mteja, na mteja alitakiwa kumjua muuguzi huyo kwa sura. Orodha ya watu wenye VVU haipiti kwenye kundi la WhatsApp hata siku moja. Tuliipeleka kwa mkono, ikasainiwa kupokelewa, na mratibu wa UKIMWI wa halmashauri akajulishwa idadi bila majina. Ukiona mteja anasema “nitaendelea tu na ninyi,” jua bado hajakabidhiwa.

Mwanzoni mwa Februari ilitangazwa ruhusa maalumu kwa baadhi ya huduma za kuokoa maisha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na simu zikaanza kuita: turudishe kila kitu? Ruhusa kwenye tangazo na fedha kwenye akaunti ni vitu viwili. Tuliendelea na makabidhiano, na ilikuwa sawa, kwa sababu mwishoni mwa Februari maelfu ya mikataba ilivunjwa moja kwa moja.

Tano: waambie wafanyakazi mapema, kwa tarakimu

Tuliwaita wote 14 Jumatano tarehe 29, saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya barua. Wakuu wa vitengo walikuwa wameambiwa saa moja kabla, si siku moja kabla. Siri ya siku nzima hailindiki ofisini, na ukiwapa watu wachache mzigo huo unawageuza kuwa waongo kwa wenzao.

Nilichosema nilikuwa nimekiandika, na nilikisoma, kwa sababu nilijua sauti ingenikwama:

“Ndugu zangu, juzi tumepokea barua ya kusimamisha mradi wa majumbani. Nakala hizi hapa. Fedha zetu huru ni milioni 39. Kati ya hizo tumetenga milioni 24, ambazo ni haki zenu kisheria na hazitaguswa kwa kazi nyingine. Nafasi tisa za mradi ziko hatarini, na leo tunaanza mazungumzo nanyi kuhusu hilo. Bado hatujaamua nani na lini. Kuanzia mwezi huu mshahara wangu umepungua kwa theluthi moja, na bodi imeridhia. Sijui kama mradi utarudi. Ijumaa saa nane tutakutana tena hapa, hata kama sina jipya.”

Mambo yaliyosaidia ni ile nakala ya barua na ile tarakimu. Mtu aliyeona hesabu anaweza kuamua kama alipe ada ya mtoto, kama akope, kama aanze kutafuta kazi. Maneno kama “msiwe na wasiwasi, tutapambana” humnyima uamuzi huo. Na usiseme “sisi ni familia”: familia haipunguzi watu, na maneno hayo utarudishiwa.

Maswali yakija, kuna majibu matatu tu ya kweli: ndiyo au hapana kwa unachokijua, “sijui, nitajua tarehe fulani” kwa usichokijua, na “hilo siwezi kulisema kwa sababu ni la mtu mwingine.” Mhasibu mmoja kijana aliniuliza mbele ya wote, “Mkurugenzi, mimi nimo?” Nilimjibu kwamba nafasi yake imo kati ya zile tisa na kwamba vigezo vitajadiliwa. Lilikuwa jibu zito kulitoa, ila aliniambia baadaye kuwa usiku ule alilala.

Sheria ya Tanzania hairuhusu utangaze upunguzaji wa wafanyakazi kama jambo lililokwisha amuliwa. Unatoa taarifa ya kusudio mara tu unapolifikiria, unawapa taarifa zote zinazohusika, kisha mnajadiliana sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua, muda na malipo. Msipoafikiana, suala huenda kwenye usuluhishi. Nasi tulishangaa jinsi majadiliano yalivyozaa kitu: dereva na afisa ufuatiliaji walipendekeza kushika nusu ya muda kwenye mradi wa wasichana, mfadhili wa mradi ule akaridhia kwa maandishi, na waliopunguzwa wakawa 7 badala ya 9. Kila kikao kiliandikiwa muhtasari na kusainiwa. Notisi zilitolewa Ijumaa tarehe 7 Februari. Kila aliyeondoka alipewa cheti cha utumishi, hesabu ya malipo yake mstari kwa mstari, na namba ya mtu wa kumuuliza.

Sita: watu wa kujitolea, na kosa langu

Wafanyakazi niliwaambia siku ya pili. Watu wa kujitolea niliwaambia tarehe 11 Februari, wiki mbili baada ya barua. Nilijitetea moyoni kwamba hawana ajira nasi, kwamba wako vijiji vingi, kwamba nisubiri niwe na jibu kamili. Wakati huo taarifa za redio zilikuwa zimeshawafikia, na wateja wakiwauliza njiani kama dawa zimekwisha nchini. Hawakuwa na la kujibu. Wengine waliendelea kutembelea kwa nauli ya mfukoni mwao wakiamini watarudishiwa, na wawili walikopa.

Kikaoni mama mmoja wa makamo, aliyejitolea nasi tangu mwanzo, alisimama akasema kwa upole: “Mwanangu, sisi tunaishi na wagonjwa hawa mlango kwa mlango. Ninyi mkiondoka, wanaoulizwa ni sisi. Mbona hukutuambia?” Sikuwa na jibu isipokuwa kuomba radhi, na niliomba.

Kwa hiyo fanya hivi. Waambie ndani ya saa 24 baada ya wafanyakazi, kwa kikao kwa walio karibu na kwa simu ya mtu kwa mtu kwa walio mbali, mkigawana majina. Wape mambo manne kwa maneno mepesi: nini kimesimama, posho ya kazi waliyofanya italipwa lini, kuanzia tarehe gani hakuna nauli, na sentensi moja ya kumwambia mteja akiuliza. Yetu ilikuwa hii: “Dawa zipo kliniki, nenda tarehe yako ileile, kilichosimama ni sisi kuja nyumbani.” Sentensi hiyo ilitakiwa kutoka tarehe 30 Januari, na kwanza uhakikishe na kituo kwamba ni kweli kwenye eneo lenu.

Usiwaombe waendelee “kwa moyo uleule” wakati umewaondolea nauli. Kwa mtu wa kijijini ombi la ofisi si ombi. Ataona aibu kukataa. Waambie wazi kwamba kazi ya asasi imesimama, kwamba atakayemsalimia jirani yake anafanya hivyo kama jirani, na kwamba madaftari ya wateja yarudishwe yote kwa sababu yana siri za watu. Wale 71 wa kukabidhiwa walihitaji mtu wa kuwasindikiza kwa muuguzi, basi hiyo tuliilipia: watu 18 wa kujitolea, nauli taslimu kabla ya safari, kwa majuma manne tu, na tarehe ya mwisho ikitajwa tangu siku ya kwanza.

Saba: karatasi ya Ijumaa

Chukua karatasi moja yenye safu za wiki 13. Juu fedha huru mwanzoni mwa wiki, chini yake kinachoingia kwa hakika, kisha kinachotoka, kisha salio. Kinachoingia kwa hakika ni kile chenye mkataba uliosainiwa au kilichokwisha ingia benki. Ahadi ya mdau, hata awe rafiki, inakaa pembeni kwa kalamu ya risasi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani kila Ijumaa na kila aliyebaki aisome.

Kwenye safu moja wapo bodi iandike tarehe ya uamuzi: siku ambayo, kama salio halijafika kiasi fulani, mnaanza kufunga asasi kwa utaratibu mkiwa bado na fedha za kufungia. Kufunga nako kuna gharama, kuanzia ukaguzi wa mwisho, taarifa kwa Msajili wa NGOs hadi hifadhi ya nyaraka, na sisi tuliitengea milioni 3. Yetu ilikuwa Ijumaa tarehe 14 Machi. Asubuhi ya siku hiyo salio lilisomeka milioni 7.4, kwa sababu wale wawili wa nusu muda walikuwa wamepunguza malipo ya kuondokea na mwenye nyumba alikuwa amekubali tuhamie vyumba viwili kwa nusu ya kodi. Bodi ikaongeza wiki sita, ikaandika tarehe mpya kwa kalamu ya wino, na tukarudi kwenye orodha ya wale 71, ambapo majina matatu yalikuwa bado hayajasainiwa kupokelewa.